Tupeane uzoefu: gemu yenye modi nyingi kufungika kwa "Out of memory"

Mtoto wa Tudor: Salaam wana Mombasa. Walioongeza virtual memory wakapona, na ambao haikuwafaa, tuelezane.

Langu ni Skyrim Special Edition, tekscha za 4K tele, RAM GB 16. Kila nikikaribia mji wa Whiterun, gemu yajifunga. Ajabu ni kwamba RAM haikuwa imejaa, Task Manager ilisoma In use GB 12. Jibu lilikuwa palepale chini, kwenye Committed: 17.6/17.9 GB. Hiyo ya pili ndiyo kikomo, RAM ukijumlisha na pagefile.sys, faili ya kwenye diski ambayo ndiyo virtual memory tunayoiongeza, na pagefile yangu ilikuwa GB 2 tu. Windows huhesabu nafasi yote iliyoahidi programu, hata isiyotumika bado. Ahadi zikifika kikomo, ombi linalofuata hukataliwa na gemu inaanguka.

Nilibonyeza Win+R nikaandika:

```
sysdm.cpl
```

Kisha Advanced, Settings ya Performance, Advanced tena, halafu Change. Toa tiki ya Automatically manage, chagua SSD, Custom size, andika 20480 kote kuwili. Bonyeza Set kabla ya OK, maana wengi huiruka na hakuna kinachobadilika. Washa mashine upya. Sasa kikomo ni 35.9, Whiterun nafika 23 na gemu yaendelea.

Ummu wa Nyali: Mimi nilinunua RAM nikafika GB 32, mambo yakatulia. Pagefile ni ya mashine dhaifu, mimi nimeizima kabisa.

Mtoto wa Tudor: Dada, RAM nayo hupandisha kikomo, hapo sawa. Lakini ukizima pagefile, kikomo chako ni hizo 32 basi. Ukizidisha tekscha, angalia Committed.

Kisauni Boi: Nimeweka 30000 na Minecraft bado yaniambia `java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space`. Nifike 60000?

Mtoto wa Tudor: La, ndugu yangu, hicho ni kikomo cha Java yenyewe. Kwenye launcha tafuta JVM Arguments, ubadilishe `-Xmx2G` iwe `-Xmx6G`, ikiwa RAM yakutosha.

Baharia Likoni: SSD yangu ni GB 120. Niliiachia Windows ijipangie, gemu ikaanguka. Kumbe ikijipangia haivuki sehemu moja ya nane ya diski, na mimi nimebakiwa na GB 9. Nikaweka 20480 kwenye HDD ya ndani. Haianguki tena, lakini nikigeuka ghafla mjini picha hukwama kidogo.

Mtoto wa Tudor: Kikomo hakijali ni diski gani, kasi ndiyo hujali. Ila kukwama kwaweza pia kutoka kwa kadi ya picha ikijaa. Tazama Dedicated GPU memory ukiwa papo hapo.

Baharia Likoni: Yasoma 5.8 kati ya 6. Kuna aliyeshusha tekscha za milima na majengo hadi 2K, akaacha za nyuso 4K? Kukwama kuliisha?