Matoi yanaanikwa juani Kariakoo mpaka yanakauka, halafu tunauziwa watoto wetu kama mapya

Mama Nasra (mleta uzi)

Wakuu, nimekasirika na sitaki kuambiwa nitulie.

Nilinunua gari la plastiki la kuvuta kwa kamba pale Kariakoo, la binti yangu mwenye mwaka mmoja na miezi minane. Lilikuwa linaning'inia barazani pamoja na ndoo na mabeseni, jipya, ndani ya nailoni yake. Jioni mtoto akaliburuta sebuleni, likagonga mguu wa kochi, tairi likapasuka. Halikuchomoka, lilipasuka! Na lilikuwa hapo hapo sakafuni, halikudondoka popote. Kufumba na kufumbua kipande kiko mdomoni, mtoto hakohoi, halii, anatoa macho tu. Jirani yangu ndiye aliyemuinamisha kwenye paja, kichwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega mpaka kikaruka. Hospitali wamemsikiliza kifua, wamesema yuko sawa. Alhamdulillah.

Sasa sikilizeni ya dukani. Nimerudi na vipande mkononi. Jibu la kwanza: mzigo ukishatoka haurudi. Nikaona katoni la jumla chini ya meza, lina duara jekundu lenye sura ya mtoto, limekatwa kwa mstari, na maandishi 0-3. Nikamuuliza hii nini? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Si unaona mama, sifuri mpaka tatu, ni ya watoto wa umri huo." Jamani! Ule mstari unakataza! Maana yake asipewe mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu. Mtu anauza vitu vya watoto na alama ya hatari anaisoma kinyume, na mteja hata hiyo alama haioni kwa sababu imebaki kwenye katoni, nailoni haina kitu.

Na nilipoyaangalia yale yaliyobaki kuning'inia, upande wa barabarani yamepauka, upande wa ukutani rangi bado nzito. Yamekaa hapo kwa muda gani? Naomba wanaojua plastiki waniambie, kitu kipya kinapasukaje hivi?

Baba Junior K'ndoni

Pole sana mama Nasra. Tatizo ni kununua bila kugeuza kitu chini. Chini ya plastiki kuna pembetatu yenye namba. Ukikuta namba 5, hiyo ni salama kwa mtoto, chukua. Mimi hiyo tu ndiyo naangalia, na kama haina harufu kali.

Fundi Moldi

Mama Nasra pole, na mshukuru sana huyo jirani, alifanya jambo sahihi. Hakuingiza kidole kooni kutafuta kipande asichokiona, maana kingesukumwa chini zaidi.

Nimefanya kazi ya kumimina plastiki kwenye moldi kwa miaka mingi, ndoo, viti, vifuniko. Baba Junior, uko sawa nusu. Namba 5 inakuambia ni plastiki ya aina gani, basi. Ni ile ile ya viti vya plastiki na makopo ya kuhifadhia chakula, na yenyewe haina neno mdomoni. Lakini ni kati ya zinazochoka haraka juani kama haikuchanganywa na dawa ya kuikinga. Mionzi ya jua inakatakata minyororo mirefu inayoishikilia plastiki, na joto linaharakisha. Inaanzia juu, kwenye ngozi, kunakuwa na nyufa ambazo jicho halizioni. Siku ikigongwa, ufa mmoja unakimbia mpaka ndani. Plastiki nzima inapinda kwanza kabla ya kuachia. Iliyochoka haipindi, inakatika palepale na kuacha kingo kali kama gae la chupa.

Kuna sababu matangi ya maji juu ya nyumba zetu mengi ni meusi. Ule weusi ni masizi yaliyochanganywa ndani ya plastiki, yanakamata mionzi kabla haijaingia. Toi la njano au la waridi halina huo weusi, linategemea dawa, na dawa ni pesa. Anayetengeneza gari la bei rahisi anaiacha. Mbaya zaidi ni plastiki iliyosagwa na kuyeyushwa upya mara kadhaa, hiyo imeshachoka kabla haijatoka kwenye mashine. Halafu tairi ni jembamba. Na jua la Dar mnalijua.

Mama Nasra (mleta uzi)

Kwa hiyo lilikuwa limekufa kabla sijalinunua!

Fundi, nijibu hili. Hivi vitu si hupimwa? Maana nimesikia kuna viwango vya matoi duniani kote, na hapa TBS ipo.

Fundi Moldi

Viwango vipo, na vizuri tu. Kwa toi la mtoto wa chini ya miaka mitatu, maabara wana kikopo cha chuma chenye mdomo wa milimita 31.7, kitako chake kimekatwa mshazari. Kimeigiza koo la mtoto mdogo. Kitu chochote kinachozama chote ndani ya kikopo bila kubanwa, hakiruhusiwi. Nyumbani tumia kile kibomba cha karatasi kinachobaki katikati ya toileti pepa. Ni kipana kidogo kuliko kikopo, kwa hiyo kinakosea upande wa usalama. Kipande chako cha tairi nina hakika kitapita.

Na hawaishii kwenye kitu kizima. Kwa kipimo cha Ulaya wanakidondosha toka sentimita 85 mara tano juu ya bamba la chuma, na macho ya mdoli au vifungo wanavivuta kwa nguvu ya kama kilo 9, waone nini kitatoka. Kikitoka kipande, kinaingizwa kwenye kikopo.

Lakini wanadondosha toi jipya, kama lilivyotoka kiwandani. Hakuna anayelining'iniza Kariakoo kiangazi kizima kwanza. Gari lako lingeweza kufaulu kila kitu likiwa jipya na bado likapasuka hivi. Hapo ndipo pengo lilipo, na pengo hilo linazibwa na mwenye duka, si maabara.

Bi Zuhura Temeke

Poleni wanangu. Mimi mjukuu wangu anang'ata kila kitu, mara kijiko, mara toi, na sasa anaharisha siku ya pili. Ni hizo plastiki au ni meno?

Fundi Moldi

Shikamoo Bi Zuhura. Kuharisha siku mbili usikuhusishe na meno wala na plastiki, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti na mpeleke kituo cha afya leo. Mate na uchafu wa sakafuni kwenye toi vinaweza kuleta tumbo, lakini hilo waamue wao huko.

Duka Kongo

Nimesoma yote, na mimi nina duka Mtaa wa Kongo, si hilo analolisema dada, lakini na mimi naning'iniza nje. Tusioneane. Mteja asipoona mzigo nje anapita. Frem ni ndogo, ndani ni giza. Na mnataka nijuaje kama plastiki imechoka? Haina tarehe ya mwisho kama maziwa.

Fundi Moldi

Swali la haki hilo, kaka. Angalia hivi. Geuza toi, linganisha upande uliotazama jua na ule uliofichwa, au bandua stika uone rangi ya chini yake. Kama tofauti inaonekana, jua limeshakula. Pitisha kidole, kikitoka na unga mweupe kama wa chaki, ngozi ya plastiki inapukutika. Kisha bonyeza ukingo mwembamba polepole, mbali na macho yako. Ikinesa na kurudi, bado ina uhai. Ikitoa mlio mkavu au nyufa ndogo, itoe sokoni.

Lakini nikuambie ukweli, plastiki inaweza kuwa imeanza kuchoka na hivi vyote visionekane. Kwa hiyo usisubiri dalili. Ning'iniza moja la kuonyesha, mengine yaache ndani kwenye katoni. Lile la kuonyesha usiliuze. Na wazazi, baranda na uani ni hivyo hivyo, toi lisilale nje.

Seremala Keko

Ndiyo maana nasema rudini kwenye mbao. Natengeneza magari na wanyama wa mbao hapa Keko, nayapiga rangi ya mafuta inayong'aa, nyekundu na njano. Mtoto hawezi kuvunja mninga.

Mama Nasra (mleta uzi)

Rangi gani hiyo, fundi? Ya nini?

Seremala Keko

Ya kawaida ya mageti, inabaki kwenye kazi nyingine. Ikikauka haitoki.

Fundi Moldi

Kaka, hapo ndipo usimame. Rangi za mafuta za mageti na vyuma, hasa njano, chungwa na nyekundu, ndizo ambazo mara nyingi zimekutwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi sehemu 90 katika milioni moja ya rangi iliyokauka, na hata makampuni makubwa yameshanaswa. Mwaka 2007 Mattel walirudisha matoi mengi kutoka sokoni kwa sababu ya risasi kwenye rangi. Mtoto mdogo ananyonya risasi mara nne mpaka tano ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza. Hataumwa leo wala kesho, inakula akili taratibu.

Na inatoka. Mtoto wa meno hakai na mninga dakika moja, anautafuna kama muwa. Angalia kona za gari lililotumika nyumbani, utaona rangi imechubuka kwa alama za meno. Huwezi kuijua risasi kwa macho, harufu wala bei, mpaka kipimo. Acha mbao wazi, piga msasa mpaka laini, paka nta ya nyuki. Tabora wanayo, na mjini inapatikana.

Seremala Keko

Yasiyo na rangi hayanunuliki. Nishajaribu. Mama anataka linalong'aa.

Mama Nasra (mleta uzi)

Mimi nitanunua lisilong'aa, nipe bei hapa hapa.

Na wewe Duka Kongo, umeambiwa vizuri, sasa nijibu mbele ya watu. Yaliyoshapauka unayafanya nini?

Duka Kongo

Dada, ule ni mtaji wangu. Nikiyatoa yote nimepoteza. Nayapunguza bei, nawaambia wateja ni ya kuonyesha.

Mama Nasra (mleta uzi)

Hapana! Ukipunguza bei unamuuzia asiye na uwezo wa kununua jingine, na mtoto wake ana koo lile lile. Yavunje, yapeleke kwa wanaonunua plastiki kwa kilo, na hasara hiyo kamdai aliyekuletea mzigo usio na dawa. Kesho narudi Kariakoo na kibomba cha toileti pepa, napita baraza kwa baraza, na alama ya 0-3 naisoma kwa sauti mbele ya wateja.

Baba Junior K'ndoni

Fundi, swali moja. Ile pete laini ya kung'ata, inayonuka kama mpira mpya, nayo vipi?

Fundi Moldi

Ile laini mara nyingi ni plastiki ngumu iliyolainishwa kwa mafuta maalum, na mafuta hayo yanahamia kwenye mate. Baadhi ya mafuta hayo, Ulaya na Marekani wanayabana yasizidi asilimia 0.1 kwenye matoi. Ya kwako yana nini, sijui bila maabara. Mimi wa kwangu nilimpa kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi.