Toleo la saba la bango moja na kila mjumbe ana lake. NIMECHOKA!

Wakuu, nina hasira sana. Natengeneza bango la kusimama, yale ya kuvuta juu, sentimita 85 kwa 200, la chama kimoja cha kuweka na kukopa. Litakaa mlangoni siku ya mkutano mkuu, wanachama wajue ukumbi na saa. Nikatuma dizaini kwa kamati. Mwenyekiti: "Maandishi hayasomeki, kuza." Mhazini: "Makubwa mno, punguza." Katibu anataka nembo ipungue, mjumbe mwingine anataka iwe mara mbili. Nimekuza, nimepunguza, nimeweka katikati, na hapo katikati ndipo wote wanne wamekataa! Tulipatana marekebisho mawili tu. Nimsikilize nani?

Fundi Rangi: Fuata la mwenyekiti, ndiye anayesaini malipo. Wengine watanyamaza.

Mama Kadi: Pole mdogo wangu. Mimi kwenye kadi za harusi nilizungushwa na familia mbili, sasa sigusi kazi bila nusu ya hela mkononi. Ulichukua ya awali?

Mzee wa Mabango: Hela ni jambo jingine, Mama. Kijana, kabla ya kumchagua mtu, waulize wamelitazama bango kwenye nini.

Mwenye uzi: Mwenyekiti kwenye simu, Wasapu. Mhazini kafungua PDF kwenye kompyuta ya ofisi, 100%.

Mzee wa Mabango: Basi hawajapingana. Maandishi yako yana kimo gani?

Mwenye uzi: Sentimita 3.

Mzee wa Mabango: Kwenye simu bango lote linashuka hadi kama sentimita 14, kwa hiyo herufi inabaki milimita 2. Mwenyekiti kweli hasomi. Mhazini anaona kipande tu, herufi zimejaa kioo. Kila mmoja kasema alichokiona, ila bango lenyewe hakuna aliyeliona. Sisi tunakadiria sentimita 2.5 za herufi kwa kila mita 3, kwa hiyo mlangoni 3 inatosha. Usibishane nao. Chapa sehemu ya tarehe na saa kwenye A3 kwa ukubwa wake halisi, ibandike mlangoni, wasimame mita 3. Usiwaulize wanaionaje, waambie wasome saa ya mkutano. Atakayekwama, hapo ndipo urekebishe.

Fundi Rangi: Na nembo? Hiyo nayo ataipima kwa A3?

Mzee wa Mabango: Hapana, hapo umenishika. Muulize kila mmoja anaitaka nembo kwa kazi gani.

Mwenye uzi: Nimeuliza sasa hivi. Katibu anasema wanachama wanakijua chama chao, wanachotafuta ni ukumbi. Yule mjumbe anataka wageni wapigwe picha mbele ya bango na nembo ionekane. Hizo ni kazi mbili kwenye bango moja!

Mzee wa Mabango: Hapo ndipo wanapopingana kweli, na si wewe wa kuamua. Wape kamati swali hilo moja, walijibu kwa maandishi.

Mwenye uzi: A3 naichapa kesho asubuhi. Swali la nembo nimelituma, bado kimya.