Waraka wa makabidhiano ulisema "mara nyingi haipati kitu", na wavuvi wakakaa siku 11 bila malipo

Assalamu alaykum wanajukwaa. Naandika nikiwa na hasira.

Nilichukua nafasi ya mtayarishaji programu aliyeondoka katika ofisi moja hapa Malindi. Mizani za wanunuzi wa samaki hututumia faili za uzito, na kila baada ya dakika 15 kroni huendesha skripti inayotafuta mistari yenye neno PENDING ili malipo yatoke. Waraka alioniachia ulikuwa na sentensi moja tu juu ya kazi hiyo: "Mara nyingi haipati kitu, usitie wasiwasi." Niliiamini, kwani ni msimu wa kusi, bahari imechafuka na mashua nyingi zimepandishwa pwani.

Siku ya 11 akaja mzee mmoja na risiti zake mkononi. Kumbe folda ilikuwa imebadilishwa jina, na mstari wenyewe ni huu:

```
grep -h PENDING /data/mizani/*.csv 2>/dev/null > malipo.txt || true
```

`grep` hurudisha 0 ikipata, 1 ikikosa, na 2 ikishindwa kusoma. Yeye aliweka `|| true` ili kukosa kusihesabiwe kuwa hitilafu, jambo ambalo ni sawa, lakini papo hapo akaifunika na ile 2, kisha ujumbe wa kosa akautupa. Kukosa samaki na kukosa folda vikawa na sura moja. Aliyejua hayo aliondoka nayo, na mimi nikaachiwa maneno ya kunituliza badala ya kuambiwa ukimya wa muda gani ni wa kawaida, na nitajuaje kwamba skripti imetafuta kweli.

Kijana wa Watamu: Pole sana ndugu. Ondoa `|| true`, kroni itakutumia barua pepe ikishindwa.

Bi wa Lamu: Yangu ya nafasi za wageni nayo ilikuwa haipati kitu kila usiku wa manane. Seva ilikuwa katika saa za UTC, saa 3 nyuma yetu, ikitafuta wageni wa jana. Tazama saa kwanza.

Fundi Mkongwe: Bi, hapa saa hazihusiki. Na wewe kijana, kroni hutuma barua kunapokuwa na maandishi yaliyotolewa, haiangalii namba. `2>/dev/null` ikibaki, hutapata chochote. Mwenye uzi, itoe hiyo, uihifadhi namba, 1 uipitishe, 2 uipigie kelele. Ila kuna mtego: folda ikiwepo bila faili hata moja, nyota hubaki nyota, `grep` hutafuta faili iitwayo `*.csv` na kurudisha 2 vilevile. Je, mizani hutuma faili hata siku isiyo na samaki?

Mwenye uzi: Sijui, mzee wangu, na waraka hausemi. Nimempigia simu mara mbili, hajapokea. Kesho asubuhi nakwenda kwa wenye mizani.