Matone ya vitamini D kwa mtoto anayenyonya: chupa ya tone moja au ya dropa?

Mama Naila
Habari zenu wadau. Niko Minneapolis, mwanangu ana wiki 5, ananyonya maziwa yangu tu. Daktari ameandika vitamini D yuniti 400 kila siku. Nina chupa mbili mezani. Moja ina dropa, unajaza mpaka mstari wa mililita 1. Nyingine ni ya mafuta, tone moja tu ndiyo 400. Ipi bora? Halafu jana mimi nilimpa tone asubuhi, mama mkwe naye akampa lingine jioni bila kujua. Sikulala.

Shangazi wa Tanga
Mwanangu, sisi tuliwatoa nje asubuhi wakapigwa jua, hakuna aliyepata matege. Mweke dirishani jua linapoingia. Na hayo matone mawili yasikutoe roho, vitamini ikizidi inatoka na mkojo.

Mfamasia wa Zamu
Shangazi, shikamoo. Inayotoka na mkojo ni kama vitamini C. Hii ya D inakaa kwenye mafuta ya mwili kwa wiki nyingi, ndiyo maana makosa ya kila siku yanalimbikizana. Na kioo cha dirisha kinazuia ule mwanga unaotengeneza vitamini D, kwa hiyo mtoto atapata joto tu. Tena Minneapolis wakati wa baridi hata nje jua halina nguvu hiyo.

Mama Naila, jana mtoto alipata 800. Kwa aliye chini ya miezi 6, mpaka wa juu ni 1000 kwa siku. Kwa mara moja hiyo hakuna kitu, leo endelea na 400 kama kawaida. Na siku ukisahau, usimpe mara mbili kesho yake kufidia.

Chupa zote mbili zinafaa. Hatari ni kuwa nazo zote mbili mezani.

Baba Pacha
Hilo la mwisho lisomeni mara mbili, lilitupata. Chupa yetu ya dropa iliisha, tukanunua ya tone moja, ya mililita 10. Dada aliyekuja kutusaidia alizoea kujaza dropa, basi akaiosha ile ya zamani akaendelea kuitumia kwenye chupa mpya. Mililita 1 ya mafuta yale ni kama matone 30. Piga 30 mara 400: mtoto alikuwa anapewa kama 12,000 kila siku.

Hatukushtuka kwa dalili, tulishtuka chupa ilipokaribia kuisha siku ya 8. Ilitakiwa iende miezi kumi hivi. Hapo ndipo tukaunganisha: siku mbili tatu alikuwa anashika titi anaachia, anatapika, choo kigumu mno, amelegea, lakini nepi zimejaa mkojo kuliko kawaida. Sisi tulidhani ni tumbo.

Hospitali walipima damu, kalsiamu ilikuwa juu. Wakasimamisha matone, wakamwekea dripu, wakaangalia na figo. Alilazwa siku 4, na vipimo vya damu vilirudiwa kwa wiki kadhaa. Sasa ni mzima. Pacha wake alikuwa bado anapewa na mama yake, kwa tone, hakupata shida yoyote.

Mama Naila
Pole sana baba. Mkono umenitetemeka kusoma.

Ukhti Muscat
Wangu ana miezi 3, anakunywa maziwa ya kopo mililita 150 mara tano. Nami nimpe hizo 400?

Mfamasia wa Zamu
Ukhti, hapa swali ni la wanaonyonya, lakini hesabu yako ni mililita 750. Huku tunasema akifikisha lita moja ya kopo kwa siku hahitaji matone, chini ya hapo kwa kawaida anapewa. Nchi nyingine zinaweka mstari chini zaidi, muulize daktari wa hapo.

Baba Pacha, asante. Anayeona mtoto anakataa kunyonya, anatapika na kukosa choo baada ya kipimo kukosewa, asisubiri. Aende na chupa yenyewe na dropa iliyotumika. Na kama chupa imeandikwa maikrogramu, 10 ndiyo yuniti 400.

Mama Naila
Nimebaki na ya dropa, kwa sababu mama mkwe anauona mstari. Lile tone la mafuta linachelewa kuanguka, ukitikisa yanatoka mawili. Ile nyingine nimeirudisha dukani. Kwenye friji nimebandika karatasi, anayempa anatia alama.

Shangazi wa Tanga
Vizuri. Na huku kwetu kwenye jua la mwaka mzima, mnapewa pia?

Ukhti Muscat
Nami nina swali: nimesikia mama akinywa mwenyewe 6400 kila siku, maziwa yanamtosha mtoto. Kuna aliyefanya hivyo?

Mfamasia wa Zamu
Ukhti, upo utafiti wa kiwango hicho ulioleta matokeo mazuri, ila madaktari wengi bado wanaandika matone ya mtoto. Usiyafanye yote mawili kwa pamoja bila daktari kujua. Shangazi, hilo la huko nyumbani madaktari wenyewe hawajakubaliana.