Kaka kaambiwa moyo umetanuka kwa sababu ya pombe, mimi bado sijaridhika. Naombeni ushauri

BintiNansio
Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu ana miaka 38, mvuvi wa dagaa huko Ukerewe. Tangu mwezi wa tatu analalamika kuchoka, tukasema ni kukesha na karabai. Baadaye ikawa hawezi kulala chali, anaegemea gunia la nyavu mpaka kunakucha, na mguu ukiubonyeza kwa kidole shimo linabaki. Tukamvusha kwa meli kuja Mwanza. Kapigwa eko, ile ultrasound ya moyo, karatasi inasema chumba cha chini kushoto kina sentimita 6.9 na EF ni 25%. Daktari akauliza, "Unakunywa?" Akajibu ndiyo. Basi, ikaandikwa moyo wa pombe, akapewa dawa na kuambiwa aache.

Gongo anakunywa, sikatai. Ila kambini wapo wanaomzidi na wanavuta nyavu hadi leo. Na kuna jambo hakuna aliyemuuliza: baba yetu alianguka shambani akipalilia mihogo, akafa palepale, miaka 43. Mtaani walisema karogwa. Je, pombe tu inatosha kuwa jibu?

MzeeWaMwaloni
Pole binti. Ni pombe hiyo, msizunguke. Jirani yangu hapa Kirumba alitanuka moyo hivyohivyo, akaacha kunywa, baada ya miezi sita wakampima tena, moyo umerudi karibu na kawaida. Akiacha na akapona, jibu mnalo. Asipopona, ndiyo mtafute mengine.

FundiInjini
Mvuvi, anashinda majini, tumbo na miguu vimejaa. Hiyo ni kichocho, mpeni dawa ya kichocho. Ukanda huu wote tunacho.

MgangaMkuuMstaafu
Fundi, kumpima kichocho si vibaya, huku ziwani ni haki yake. Lakini kichocho cha tumbo hushambulia ini na kujaza maji tumboni, na kikifika mapafuni huuchosha moyo upande wa kulia. Karatasi hii inazungumzia upande wa kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini. Sentimita 6.9 ni kikubwa, kwa mwanaume kikipita 5.8 tunaanza kuuliza maswali. EF 25% maana yake damu ikijaa chumbani, robo tu ndiyo inayosukumwa nje kila pigo. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu.

BintiNansio, kabla sijasema lolote: anakunywa kiasi gani, kwa miaka mingapi? Usiniambie "sana", nitajie chombo.

BintiNansio
Shikamoo daktari. Anasema kichupa cha robo lita, siku za mwezi mwangavu wasipoenda ziwani. Wakiwa kazini hagusi, tajiri wao hataki. Alianza kama miaka minne iliyopita.

MgangaMkuuMstaafu
Marahaba. Sasa tuhesabu. Pombe inayotanusha moyo kwa kawaida ni kama gramu 80 za kilevi halisi kila siku, kwa miaka mitano au zaidi. Bia moja kubwa ya nusu lita ina kama gramu 20, kwa hiyo ni bia nne kila siku ya Mungu. Robo lita ya kinywaji kikali cha asilimia 40 inafika hizo 80, ila gongo halina kipimo, huenda likawa hafifu au kali zaidi. Kaka yako anakunywa labda siku kumi kwa mwezi, kwa miaka minne. Hafiki. Sisemi pombe haina hatia, nasema hesabu yake haitoshi kufunga faili.

Mzee wa Mwaloni, hapo kwenye kupona nakupinga kidogo. Moyo ukirudi baada ya kuacha pombe haithibitishi kwamba pombe ndiyo iliyouharibu, maana mgonjwa huyohuyo alikuwa anakunywa dawa za moyo. Waliotanuka kwa virusi au baada ya uzazi nao hurudi. Moyo wa pombe hauna kipimo chake. Unafikiwa kwa kuondoa vingine kimoja kimoja: presha ya siku nyingi, vali, mishipa ya moyo kuziba, VVU, tezi ya shingo, mapigo yaliyokimbia miezi mingi bila kutulizwa. Na ukoo. Je, VVU na tezi vimepimwa? Na karatasi ya umeme wa moyo, ile ya waya za kifuani, ipo?

MamaPacha_Nyegezi
Mimi wangu ulitanuka wiki tatu baada ya kujifungua mapacha. Nilidhani ni uchovu wa kunyonyesha. Sasa niko vizuri ila nimekatazwa kubeba mimba nyingine. Sijui kama inahusiana na ya kaka yako.

BintiNansio
Mama Pacha umenishtua. Dada yetu wa pili alivimba hivyo baada ya mtoto wake wa kwanza, wakasema ni upungufu wa damu. Hakupigwa eko.

Daktari, VVU hana, tezi hawajapima. Presha 110 kwa 70. Karatasi ya umeme juu imeandikwa PR 260 ms, na mapigo 52. Walisema si mbaya.

MgangaMkuuMstaafu
PR ni muda umeme unaotumia kutoka vyumba vya juu kushuka vya chini. Ukizidi 200 tunasema unachelewa. Kwa mzee ningeupita tu. Kwa kijana wa miaka 38 mwenye moyo uliotanuka, na baba aliyeanguka ghafla akiwa na 43, siupiti. Kuna jeni inayoitwa LMNA ambayo huharibu nyaya za moyo, mara nyingi kabla misuli haijalegea, na hao hatari yao ni kufa ghafla. Inawezekana siyo hiyo. Zipo dawa zinazochelewesha umeme pia, kwa hiyo angalieni karatasi ilipigwa kabla au baada ya kuanza vidonge. Asiache dawa yoyote kwa maneno yangu, ila arudi na karatasi hiyo wiki hii, aulize kama zile za kupunguza mapigo zinamfaa. Akizimia hata mara moja, msisubiri kliniki.

Na pombe na jeni hazigombanii mgonjwa. Mtu anaweza kurithi udhaifu, mathalani kwenye jeni ya taitini, protini ya misuli ya moyo, asijue, kisha pombe ambayo mwenzake anaimudu ikamwangusha yeye. Pengine ndiyo maana wale wa kambini bado wanavuta nyavu.

MzeeWaMwaloni
Sasa hizo jeni zinapimwa wapi? Msimchoshe binti.

MgangaMkuuMstaafu
Kweli, si kipimo cha kukuta kila hospitali, na hata kikitoka safi hakiondoi urithi, kwa sababu jeni nyingi hazijajulikana. Kinachowezekana Mwanza ni eko na karatasi ya umeme kwa dada, wadogo zake, na watoto wa kaka. Mishipa ya moyo wakitaka kuiangalia kwa waya, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar wanafanya. Kovu la virusi vya zamani huonekana zaidi kwa MRI, damu pekee haisemi.

Binti, kaa na shangazi mkubwa, uchore ukoo vizazi vitatu. Usiulize "nani alikuwa na moyo", hakuna atakayejua. Uliza nani alikufa kabla ya miaka 50, alikuwa anafanya nini, nani alivimba miguu, nani alikuwa anazimia.

BintiNansio
Nimetoka kumpigia shangazi. Baba alikuwa na mdogo wake, mvuvi, aliyekufa maji miaka ile. Ziwa lilikuwa shwari, alikuwa anaogelea tangu mtoto, na waliokuwa naye mtumbwini walisema hakupiga kelele wala kutapatapa, aliinama kuvuta kamba akaenda. Tulikua tukiambiwa kachukuliwa.

MgangaMkuuMstaafu
Hilo hatutalijua kamwe. Liandike kwenye mchoro, umri wake na hiyo kamba.

BintiNansio
Jumatatu narudi kliniki na kaka na dada. Mdogo wetu wa mwisho kagoma, anasema yeye hanywi.