Matangani ukiwa mtoto, uliona nini? Tupeane uzoefu

Jirani wa Kondele: Jumamosi nilikuwa matanga Seme, nikaona katoto kamejificha chini ya meza ya wapishi kakila chapati kimya kimya. Yangu yote yakanirudia. Nyinyi je?

Binti Ahero: Babu alizikwa nikiwa darasa la pili. Shangazi kutoka Nairobi alishuka matatu, akahesabu chenji, akafunga leso kiunoni. Kufika langoni tu, mikono kichwani, "Babaaa!", akazunguka boma mbio. Baadaye kidogo ameketi, ananiuliza kama hiyo chai ina maziwa.

Halafu wanaume wakatoka mbio na mafahali, wana mikuki na matawi, wanaimba. Nikajua babu ameuawa na majirani na sasa ni vita. Nikakimbilia jikoni. Mpishi mkuu alikuwa ameficha maini ya wazee kwenye sufuria ndogo chini ya gunia. Mimi nikapewa ugali na kipande cha pafu.

Wamama wawili wakimenya vitunguu: "Yule wa gauni la kijani amekuja na mtoto?" "Shh, huyu anasikia." Nikamtafuta huyo mtoto. Tulicheza vizuri mpaka akasema, "Baba yangu ndiye yuko kwa sanduku." Nikamwambia huyo ni babu, si baba. Tukapigana. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna mtu mzima aliyetuamua. Wote waligeuka kuangalia barabara.

Mzee Kiatu: Pafu! Nimecheka.

Otis: Mafahali ni kufukuza mapepo. Mkristo asiende.

Mwalimu Siaya: Si mapepo, ndugu. Hiyo ni tero buru. Kifo kinafukuzwa kutoka bomani mpaka porini, watu wanapigana nacho kwa mikuki, kisha wanarudi na ng'ombe. Hufanyiwa mwanamume mwenye boma lake, kwa hivyo mtoto akifariki hutaiona. Wapo wanaokwenda na kanisani pia wanaonekana.

Otis: Mapepo ama kifo, tofauti gani? Mimi nimekataa.

Mama Pendo: Samahani, nani anajua hema za kukodisha Kisumu za bei nafuu? Tuna matanga Ijumaa.

Wekesa: Kwetu Bungoma utamu uko siku ya kunyoa, baada ya mazishi. Wenye madeni wanasimama mbele ya watu. Nikiwa mdogo, mzee mmoja alimdai marehemu jogoo, na marehemu alikuwa baba yangu mkubwa. Nililia kuliko siku ya kaburi, nikidhani watamchukua jogoo wangu.

Jirani wa Kondele: Walimchukua?

Wekesa: Walichukua kuku wa nyanya. Bado analalamika.

Mzee Kiatu: Ushauri: usipeleke watoto matangani.

Mwalimu Siaya: Wapeleke, ila waelezwe mafahali kabla hawajatoka.

Mama Pendo: Na wa gauni la kijani?

Binti Ahero: Jina la kijana halikusomwa kaburini. Siku hizi anauza spea mjini, ananiita "mtoto wa ndugu". Mambo ya shamba bado yako kwa chifu.