Naomba ushauri: wimbo wangu wa kumbembeleza mtoto una mizani sawa, lakini ukiimbwa unajikwaa

BabaMgeni_Umoja

Habari zenu wana jukwaa. Mke wangu alijifungua binti wiki mbili zilizopita, na kwa kuwa sina maziwa ya kumpa mtoto, niliona mchango wangu uwe wimbo mfupi wa bembelezi, wenye vina, unaotaja usiku mtulivu, mwezi na mikono ya mama. Nimeandika mishororo minne na kuhesabu mizani kwa vidole, nane kila mshororo:

*Usiku umenyamaza,*
*Mwezi juu unang'aa,*
*Mikononi mwa mamako,*
*Lala mwanangu salama.*

Tatizo ni kwamba mke wangu anapouimba huku akimtikisa mtoto, mshororo wa tatu unakwenda vizuri kabisa, ilhali wa kwanza na wa pili vinamponyoka, na wa nne anauharakisha ili aufikie mwendo wa mikono yake. Anasema wimbo unajikwaa. Nimehesabu tena na tena, ni nane. Kosa liko wapi?

Mama_Pacha

Hongera sana, Baba. Pacha wangu nao hawakulala hadi walipotimiza miezi mitatu, na kilichonisaidia ni kuwapigapiga mgongo wabeue kila baada ya kunyonya, kwa sababu mara nyingi kinachomliza mtoto ni hewa tumboni. Wimbo wowote utafaa. Mimi nilikuwa nikivuma tu bila maneno.

BabaMgeni_Umoja

Asante, dada, nitalizingatia. Lakini binti analala vizuri, ila ni wimbo ndio unaotushinda.

Mshairi_Kasarani

Ndugu, kosa ni dhahiri. Shairi la Kiswahili lina mizani kumi na sita kwa mshororo, nane ukwapi na nane utao, na lina kina cha kati na cha mwisho. Wewe una nusu ya shairi. Pili, vina vyako ni *za*, *a*, *ko* na *ma*, yaani hakuna kina hata kimoja, kwa kuwa kina ni silabi nzima, si irabu ya mwisho peke yake. Tatu, mshororo wa nne una mizani tisa: *mwanangu* huanza kwa *m* inayosimama peke yake kama katika *mtoto*.

Bibi_wa_Kibokoni

Mwanangu Mshairi, kuhusu vina umesema kweli, na Baba Mgeni akubali hapo. Mengine nitayapinga kwa upole. Mizani kumi na sita ni desturi ya tarbia, nayo bembelezi si lazima iwe tarbia. Mama aliyekaa kitandani saa nane za usiku hana pumzi ya mshororo mrefu kiasi hicho. Na *mwanangu* ni mizani tatu, *mwa-na-ngu*, kwa sababu *m* hiyo imeungana na *w*. Katika *mtoto* inasimama peke yake kwa kuwa inafuatwa na konsonanti isiyoungana nayo.

Sasa nije kwa Baba Mgeni. Vidole vyako vilihesabu maandishi, lakini kinywa cha mkeo kinahesabu sauti. Soma kwa sauti *usiku umenyamaza*. Neno la kwanza linaishia kwa *u* na la pili linaanza kwa *u*, kwa hiyo ukiimba polepole irabu hizo mbili humezana, na mizani nane zinabaki saba. *Juu unang'aa* ni balaa zaidi, kwa sababu hapo pana *u* tatu mfululizo, na hakuna mwimbaji atakayezitenganisha bila kukata pumzi katikati, jambo ambalo litamshtua mtoto aliyeanza kusinzia.

Kosa la pili ni la mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Katika *mi-ko-NO-ni mwa ma-MA-ko* mkazo unaangukia mizani ya tatu na ya saba, basi mkono ukienda na kurudi unaukuta wimbo mahali pake. Katika *LA-la mwa-NA-ngu sa-LA-ma* mkazo uko kwenye mizani ya kwanza, ya nne na ya saba. Ndiyo maana mkeo anakimbilia. Hesabu ni sahihi, lakini ule wa nne hauangukii mkono wake.

Dawa yake ni kuugawa kila mshororo vipande viwili vya mizani nne, na kukijaza kila kipande kwa neno la mizani nne au maneno mawili ya mizani mbili mbili. Neno la mizani tatu, kama *usiku*, lipe kiungo kifupi mbele ili mkazo wake usogee hadi mizani ya tatu. Kuhusu vina, fuatanisha mishororo miwili miwili, kwani kupata vina viwili vya kweli ni kwepesi kuliko kupata vinne. Mimi ningesema hivi:

*Ni usiku, kimya tele,*
*Mwezi huo, juu kule;*
*Mikononi mwa mamako,*
*Lala mwana, hapa pako.*

Tazama kwamba *juu* bado ina *u* mbili, lakini zimo ndani ya neno moja lenye mkazo wake, na linalofuata linaanza kwa konsonanti, kwa hiyo mwimbaji anaivuta sauti hiyo kwa raha. Mwezi kuwa juu na mtoto kuwa hapa pia ni kusudi: mtoto wa wiki mbili huona vizuri umbali wa kama sentimita 20 hadi 30 tu, ambao ni uso wa mama aliyempakata. Mwezi ni wa mama, na *hapa* ndipo pa mtoto.

Mshairi_Kasarani

Nimekubali kuhusu *mwanangu*. Lakini, Bibi, ukisema irabu humezana, mbona umeandika *Ni usiku*? Hapo *i* na *u* zimekutana. Mimi ningeandika *Sasa giza, kimya tele*.

Bibi_wa_Kibokoni

Irabu zisizofanana huteleza lakini hazimezani kabisa. Hata hivyo mwimbaji mvivu atasema *nyusiku*, hilo silikatai. *Sasa giza* linaimbika, ila mimi sipendi giza liwe la kwanza kusikika katika wimbo wa mtoto. Hapo ni ladha tu.

Jirani_wa_Stegi

Samahani, mimi si mshairi, nina swali dogo. Hapa Nairobi mtu akikuambia "mamako" kwa sauti fulani, mnaweza kupigana. Je, neno hilo linafaa kwenye wimbo wa mtoto? Na "kimya tele" katika Umoja ni uongo mtupu, kwa sababu hapo kuna makanga, mbwa na kesha ya kanisa.

BabaMgeni_Umoja

Kesha ya kanisa iko ukuta wa pili, umenikumbusha machungu. Kuhusu "mamako", mke wangu alilalamika hivyo hivyo, nami nikadhani anatafuta kisingizio.

Bibi_wa_Kibokoni

Kwetu pwani *mamako* halina ubaya wowote, na katika ushairi limezoeleka, lakini sikio la Nairobi ni lenu, siwezi kuwaamulia. Kama linawakwaza, badilisheni mishororo miwili ya mwisho bila kugusa mwendo:

*Mikononi mwake mama,*
*Lala mwana, lala vyema.*

Kina ni *ma*, na mkazo uko palepale.

BabaMgeni_Umoja

Tumejaribu yote mawili usiku huu, mke wangu akiwa amempakata binti karibu na dirisha. Mishororo miwili ya kwanza haimponyoki tena, na mkono wake haukubadilisha mwendo hata mara moja. Yeye ameshika *mwake mama*. Mimi, ninapombeba binti ili mamake apumzike, naimba *hapa pako*, ingawa mikono ni yangu na si ya mama. Jirani, matatu ilipiga honi tukiwa kwenye *kimya tele*, tukacheka sote isipokuwa mtoto.

Mama_Pacha

Je, alibeua kabla ya kulala?